Finjani iliyozama mezani

Mzee ameketi barazani, mdila uko kwenye jiko la makaa pembeni, mbele yake kuna kijimeza kifupi cha mbao. Anashusha finjani, anaiweka mezani, anasikiliza maneno ya mgeni wake kwa sekunde moja, kisha anaiinua tena kumpa. Ni picha fupi tu ya katuni niliyokuwa nikiitengeneza kwa Blender. Nilidhani itanichukua asubuhi moja, ikanichukua siku mbili, kwa sababu ya finjani peke yake.

Kijana anayenisaidia sauti ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa akitafuta fremu ya kuweka mlio wa finjani kugonga mbao. Akasimamisha, akarudisha nyuma, akacheza tena, halafu akaniuliza: "Kaka, hii meza ya mbao au ya uji?"

Nikaangalia vizuri. Finjani ilikuwa inafika mezani, inadidimia kidogo ndani ya mbao, inaibuka, inaelea juu ya meza kama ina upepo chini yake, inashuka tena, halafu mzee ndiyo anaiinua. Yote hayo ndani ya sekunde moja ambayo mimi nilikusudia finjani itulie kabisa.

Kwanza niseme nilivyokuwa nimepanga kazi, maana kosa lilitokana na mpangilio wa kazi zaidi kuliko programu. Mwendo ni wa fremu 24 kwa sekunde. Finjani ndiyo yenye funguo, yaani zile alama tunazoweka kwenye fremu kusema "hapa kitu kiwe mahali hapa". Mkono unaifuata kwa IK, yaani mfumo unaovuta mkono kwa ncha yake, kwa hiyo finjani ikitikisika mkono nao unatikisika. Programu huchora mwendo kama mistari kwenye grafu, na mstari niliokuwa nao wasiwasi ni ule wa Z Location, juu na chini. Sifuri ni uso wa meza.

Mwanzoni hadithi ilikuwa finjani inawekwa, basi. Kwa hiyo nilikuwa na funguo mbili tu: fremu ya 1 finjani iko sentimita 30 juu ya meza, fremu ya 13 iko sifuri. Blender yenyewe huzipa funguo mpya vishikio vya aina ya Auto Clamped. Vishikio ni ile mikono miwili inayochomoza kila upande wa ufunguo ndani ya Graph Editor. Wanaotumia Maya wanaziita tanjenti, na kazi ni ileile: zinauambia mstari uingie kwenye ufunguo kwa mwelekeo gani na utoke kwa mwelekeo gani. Auto Clamped ikiona ufunguo ni kilele au bonde, inalaza vishikio vyake vikawa sambamba na sakafu, ili mstari usivuke hapo. Finjani yangu ikafika sifuri na kukaa sifuri. Haikuzama.

Ila ilitua kama unyoya. Kishikio kilicholala maana yake ni kwamba kitu kinapunguza mwendo hadi kusimama kabla hakijafika. Ukihesabu urefu wake fremu kwa fremu unaona: fremu ya 11 finjani ilikuwa sentimita 2.2 juu ya meza, fremu ya 12 ilikuwa milimita 6, ya 13 imefika. Mzee huyu ana hasira kidogo na mgeni wake. Hawezi kuweka finjani kwa upole namna hiyo. Nikashika kishikio cha kushoto cha ufunguo wa 13, nikakipandisha mpaka ncha yake ikawa fremu ya 9, thamani 0.05, yaani sentimita 5. Sasa fremu ya 11 finjani iko sentimita 4, fremu ya 12 iko sentimita 1.6, halafu pa! Imegonga. Nilifurahi, nikahifadhi faili, nikaenda kula.

Kosa lilikuwa limeshafanyika, lakini halikuonekana. Unapogusa kishikio cha Auto Clamped kwa mkono, Blender inakigeuza kuwa Aligned. Rangi yake inabadilika, na ukiwa na haraka huioni. Aligned ni kama mbao ya pembea: upande mmoja ukipanda, wa pili unashuka, kwa sababu vishikio viwili lazima vikae kwenye mstari mmoja ulionyooka. Nilipopandisha cha kushoto hadi 0.05, cha kulia kilishuka hadi fremu ya 17, thamani -0.05. Kikawa kinaelekeza chini, ndani ya meza. Lakini kwa kuwa 13 ulikuwa ufunguo wa mwisho, hakukuwa na mstari wa kukifuata. Kishikio kile kilikaa pale kama mtego usio na panya.

Kesho yake hadithi ikabadilika. Mzee ainue finjani tena ampe mgeni. Nikafanya ambalo kila mtu angefanya: nikachagua ufunguo wa 13, `Shift+D`, nikaupeleka fremu ya 37, nikachagua ule wa 1, `Shift+D`, nikaupeleka fremu ya 49. Thamani zikawa 0.30, 0, 0, 0.30. Kwa macho ya namba kila kitu ni sawa: sifuri kwenye 13, sifuri kwenye 37, katikati pana utulivu.

Lakini ukinakili ufunguo, unanakili na vishikio vyake. Ufunguo wa 37 ulikuja na mbao yake ya pembea vilevile ilivyoinama: cha kushoto kiko juu, fremu ya 33, thamani 0.05, cha kulia kiko chini. Sasa fuata mstari kutoka 13 kwenda 37. Unatoka kwa kushuka, kwa sababu kishikio cha kulia cha 13 kinauvuta chini. Unaingia 37 ukitokea juu, kwa sababu kishikio cha kushoto cha 37 kinauvuta juu. Matokeo ni herufi S iliyolala. Finjani ilizama sentimita 1.4 karibu na fremu ya 17, ikavuka sifuri katikati, ikaelea sentimita 1.4 karibu na fremu ya 33. Finjani yenyewe ina kimo cha sentimita 5. Na kulikuwa na cha tatu ambacho hata kijana wa sauti hakukiona: baada ya 37, kishikio cha kulia kinachoangalia chini kiliifanya finjani izame nusu sentimita kwenye fremu ya 38 kabla ya kuinuliwa.

Kwa nini mimi mwenyewe sikuona? Kwa sababu Graph Editor yangu ilikuwa imejaa. Mizunguko ya kiwiko na bega inapimwa kwa digrii, inapanda hadi 80 na 90. Finjani inapimwa kwa mita, mwendo wake wote ni 0.30. Ukiweka mistari hiyo pamoja kwenye dirisha moja, mstari wa finjani unaonekana kama uzi ulionyooka chini kabisa. Sentimita 1.4 ni 0.014 mbele ya 90. Huwezi kuiona hata ukikodoa macho. Dawa yake ni ndogo: chagua mstari mmoja tu, bonyeza `Shift+H` kuficha mingine yote, kisha `Home` ili ulionao ujaze dirisha. Kuna pia kisanduku cha `Normalize` kinachoilazimisha mistari yote ikae kati ya -1 na 1, na watu wengi wanakipenda. Mimi nakitumia kuangalia umbo tu. Nikitaka kujua finjani imezama kiasi gani nakizima, kwa sababu kiwango kinachochorwa pale si mita tena.

Nilipouona mstari peke yake, S ilikuwa wazi kama mlima.

Hapa nikafanya kosa la pili, na hili ndilo nilitaka hasa kulieleza, maana nimeona wengine wakilifanya na kuishia kulaumu programu. Nilirekebisha kishikio kimoja. Finjani inazama baada ya 13, kwa hiyo nikaenda 13, nikalaza kishikio cha kulia, nikacheza. Haikuzama tena. Badala yake ikaelea sentimita 2.2, zaidi ya mwanzo!

Sababu ni hii. Mstari kati ya funguo mbili hautengenezwi na ufunguo mmoja. Unatengenezwa na kishikio cha kulia cha ufunguo wa kwanza na cha kushoto cha ufunguo wa pili, wote wawili wakivutana. Mwanzo mmoja ulivuta chini na mwingine juu, kwa hiyo walipunguzana nguvu, na kila bonde na kilele kikawa 1.4. Nilipomtoa mmoja, aliyebaki hakuwa na wa kumzuia. Kama vyote viwili vingekuwa vinaangalia chini kwa 0.05, finjani ingezama robo tatu ya kiasi hicho, karibu sentimita 3.8. Kikiwa kimoja kimeinama na kingine kimelala, inapotoka ni sehemu nne kwa tisa ya kimo cha kile kilichoinama, ndiyo hiyo 2.2. Sihesabu hivi kila siku. Ila kujua uwiano huo kumenisaidia kuangalia kishikio na kukisia kosa litakuwa kubwa kiasi gani hata kabla sijacheza.

Kwa hiyo sasa nikiona mtikisiko kati ya A na B, siangalii A wala B. Naangalia kishikio cha kulia cha A na cha kushoto cha B, na naviuliza vyote viwili swali moja: hapa kitu kinafanya nini?

Kwa ufunguo wa 13 jibu lilikuwa la pande mbili zisizofanana. Upande wa kushoto finjani inakuja kwa kasi na kugonga. Upande wa kulia imekaa kimya. Aligned haiwezi kusema mambo mawili kwa mpigo. Mbao ya pembea haivunjiki katikati. Auto Clamped nayo italaza pande zote mbili, na finjani itarudi kutua kama unyoya. Hapa ndipo inapofaa Free: chagua ufunguo, bonyeza `V`, chagua Free, na vishikio viwili vinaachana. Cha kushoto, ambacho kililala pamoja na cha kulia nilipokigusa, nikakirudisha fremu ya 9, thamani 0.05. Cha kulia sikukiburuta na kipanya, kwa sababu mkono haulazi kitu sawasawa. Ukikosea kwa 0.003 unapata zaidi ya milimita moja ya kuelea ambayo kivuli kitaifichua. Nilifungua paneli ya pembeni kwa `N`, kichupo cha F-Curve, ambako ufunguo uliochaguliwa unaonyesha namba zake na za vishikio vyake, nikaandika 0 kwenye thamani ya kishikio cha kulia. Kikawa fremu ya 17, thamani 0.

Ufunguo wa 37 ulikuwa rahisi. Finjani imetulia, kisha inaanza kuinuliwa taratibu. Pande zote mbili zinataka kulala. `V`, Auto Clamped, imekwisha. Programu inaona jirani wa kushoto ana sifuri na wa kulia yuko juu, kwa hiyo inalaza vishikio. Nusu sentimita ya fremu ya 38 ikaondoka bila mimi kuigusa.

Kuna njia ya mkato ambayo wenzangu watanikumbusha: chagua ufunguo wa 13, bonyeza `T`, chagua Linear. Katika Blender aina hiyo inatawala kipande kinachotoka kwenye ufunguo kuelekea ule unaofuata, kwa hiyo kati ya sifuri na sifuri unapata mstari ulionyooka na hakuna kishikio kinachoweza kuuharibu. Ni njia halali kwa kitu kilichokaa juu ya meza. Nisingeitumia kwa kiungo cha mwili. Siku utakapotaka mkono ushuke kidogo katikati ya utulivu, kama mkono wa mtu anayepumua, Linear itakupa mwendo wa roboti: unaanza ghafla, unakoma ghafla.

Wanaotumia Maya watakuta mambo yaleyale kwa majina mengine. Spline ndiyo inayopitiliza kwa urahisi, kwa sababu inatafuta ulaini kabla ya kitu kingine chochote. Plateau inafanana na tabia ya Auto Clamped, inalaza vilele na mabonde. Clamped inafanya kama Spline mpaka ikute funguo mbili jirani zenye thamani zinazokaribiana sana, hapo inanyoosha. Na pale unapochagua Free kwenye Blender, kule unavunja tanjenti. Finjani haijali imetengenezwa na nani.

Sasa, mtu akishasoma haya anaweza kushikwa na hamu ya kulaza kila kishikio anachokiona. Mimi nilishikwa nayo siku hiyohiyo. Mzee anapompelekea mgeni finjani, inasafiri kwa mlalo kwenye X kutoka fremu ya 49 hadi 65, sentimita 40. Nilikuwa na funguo mbili katikati, na mkono ulikuwa unakwama njiani kama una kigugumizi. Nikalaza vishikio. Kigugumizi hakikuondoka.

Kishikio kilicholala ni kusimama. Mteremko wa mstari ndio mwendo. Mstari ukiwa mlalo, kitu hakisogei. Kwenye meza hicho ndicho nilichokitaka. Katikati ya safari ni kama dereva anayekanyaga breki kila kituo wakati hakuna abiria. Ufunguo wa katikati ya njia unatakiwa kuwa na vishikio vilivyoinama kufuata safari, na pande mbili zikae kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo Aligned inapostahili sifa yake.

Nikavirudisha, nikaviinamisha. Bado kulikuwa na kitu. Karibu saa nzima niliburuta vishikio hivi na vile, na kila nilipotuliza upande mmoja, mwingine ukanyanyuka. Mwisho nikaacha kuangalia mstari, nikasoma namba tu. Fremu ya 49: 0. Fremu ya 55: 0.22. Fremu ya 57: 0.21. Fremu ya 65: 0.40.

Finjani ilikuwa inarudi nyuma sentimita moja kati ya 55 na 57. Ufunguo wa 57 niliuweka wakati nikirekebisha vidole. Nilichagua kila kitu, nikabonyeza `I`, na nafasi ya finjani ikarekodiwa bila mimi kukusudia, baada ya kuwa nimeisogeza kidogo. Programu haikukosea. Niliiambia irudi nyuma, ikarudi. Auto Clamped iliona 55 ni kilele na 57 ni bonde, ikalaza vishikio vya funguo zote mbili, na ndiyo maana mkono ulikuwa ukisimama mara mbili. Hakuna namna ya kuinamisha vishikio itakayoondoa sentimita moja ya kurudi nyuma, kwa sababu mstari lazima upite kwenye funguo. Tanjenti zinatawala njia kati ya funguo. Funguo zenyewe haziwezi kuzisogeza.

Nikafuta ufunguo wa 57, nikarudisha ule wa 55 kuwa Auto Clamped. Nilipobaki na 0, 0.22 na 0.40, vishikio vya 55 vikajiinamisha vyenyewe na mkono ukateleza.

Tangu hapo nasoma namba kwanza. Nikikuta thamani inageuka mwelekeo mahali ambapo hadithi haigeuki, sigusi kishikio chochote. Nafuta ufunguo au naurekebisha. Namba zikiwa zinaeleweka na mstari bado unavuka, hapo ndipo tatizo ni la vishikio. Kuna hali moja tu ambapo njia hii inanikwamisha, nayo ni mizunguko iliyorekodiwa kwa quaternion. Pale mzunguko mmoja umegawanywa kwenye mistari minne, W, X, Y na Z, na hakuna hata mmoja unaosomeka kama digrii za kiwiko. Ukilaza kishikio kwenye mmoja na kuacha mitatu, kiungo kinaweza kwenda upande usioutarajia. Kwa kiungo kinachojikunja upande mmoja tu, kama kiwiko au kifundo cha kidole, natumia Euler, yaani digrii kwa kila mhimili, tangu mwanzo ili mstari mmoja unieleze jambo moja.

Baada ya marekebisho nilimpigia kijana wa sauti aje aangalie. Hakusema neno kuhusu meza. Alisogeza mlio wake kutoka fremu ya 14 kwenda 13, kwa sababu sasa mgongano ulikuwa na fremu yake.

Jioni mteja akasema sekunde moja ya kimya ni ndefu, mzee aonekane hana subira. Nikachagua funguo za 37 na 49, `G`, `X`, `-14`, zikawa 23 na 35. Kabla ya marekebisho, kubana muda namna hiyo kungeibana ile S ikawa kali zaidi na ningeanza upya. Safari hii kishikio cha kulia cha 13 kilikuwa fremu ya 17 thamani 0, kishikio cha kushoto cha 23 nacho kilikuwa na thamani 0. Nikacheza mara mbili, nikasimamisha kwenye fremu ya 18, nikasogeza kamera hadi usawa wa ubao. Kati ya kitako cha finjani na meza hapakuwa na mwanga hata kidogo.